Mukopo wa mu telefone: bei yake iko wapi?

Kapolowe. — Hapa kwetu Kapolowe, mutu mwenye alikosa feza mbele ya mwisho wa mwezi alikuwa na njia mbili tangu zamani. Ya kwanza ni likelemba: watu kumi wanachanga, na kila mwezi mumoja anakamata zote. Ya pili ni banki lamberi, ule baba ao ule mama mwenye kukopesha feza pa nyumba yake. Anaandika jina lako mu kayi, pengine anabakia na karte yako ya banki, na mwisho wa mwezi unamurudishia feza yake na nusu juu. Ukikamata mia moja, unarudisha mia na makumi tano. Kila mutu anajua kama ile bei ni kali. Lakini ile bei inasemwa kwa kinywa, mbele ya kukamata feza, na hata mutoto wa nyumba anaijua.

Sasa kuna njia ya tatu: aplikasyo ya mukopo. Unaiingiza mu telefone, unaandika jina na namba ya karte ya kuchagua, unapiga foto ya uso, na kisha dakika kumi feza inaingia mu mobile moni. Hakuna kayi, hakuna haya, jirani hajue kama umekopa. Njo maana wafanyakazi wengi wanaipenda, zaidi wale wa sutretansi, wenye mushahara wao haukuje kila mara siku ileile.

Mimi ni delege wa sendika. Watu wanakuja ku biro yetu juu ya mavazi ya kazi, juu ya saa za nyongeza, juu ya konje. Sasa wanakuja pia na telefone mu mukono, na wanatuuliza: « Delege, hii deni imefika hapa namna gani? » Nikaona haifae kuwajibu paka kwa maneno. Nikakaa chini na mumoja wao, shofere wa benne, tukafungua ile aplikasyo pamoja na kuiuliza maulizo tatu. Je, inasema bei yake waziwazi? Inakumbusha mutu namna gani? Na mutu mwenye amekawia, inamutendea nini? Jina la aplikasyo sitalitaja, na la shofere vilevile. Yeye mwenyewe alikubali hesabu yake iandikwe.

Feza yenye inaandikwa na feza yenye inaingia

Shofere aliomba feranga 200.000 kwa siku 14. Pa ekra aliona neno moja kubwa, « Intérêt 5 % », na kifungo cha rangi ya kijani, « Confirmer ». Akahesabia mu kichwa: tano kwa mia ya 200.000 ni 10.000. Ni kidogo kabisa kuliko banki lamberi. Akabonyeza.

Kisha dakika chache mesaji ya mobile moni ikafika: amepokea 170.000.

« Mi nilizania baniibia ku mobile moni, » njo vile aliniambia. « Nikaenda hata kugombana na mama wa kabini. »

Mama wa kabini hakuwa na kosa. Zile 30.000 zilikatwa na aplikasyo yenyewe, mbele ya kutuma. Tulitafuta fasi yenye iliandikwa. Chini kabisa ya ekra, chini ya kifungo cha kijani, kuna maandishi madogo ya rangi ya majivu. Ukiyabonyeza, kontra inafunguka, na mu kontra, karibu na mwisho, kuna « Frais de dossier 15 % ». Kwa hiyo ilikuwa imeandikwa. Mutu hawezi kusema kama walificha kabisa. Lakini iliandikwa fasi yenye mutu mwenye haraka hafiki, na mutu mwenye kukopa usiku juu ya mutoto mugonjwa ni mutu mwenye haraka.

Angalia sasa hesabu. Feza yenye iliingia mu mukono ni 170.000. Feza yenye atarudisha siku ya 14 ni 210.000, ni kusema zile 200.000 pamoja na 10.000 za faida. Ile faida inahesabiwa juu ya 200.000, hata kama 30.000 hakuziona na macho. Tofauti kati ya 210.000 na 170.000 ni 40.000. Gawanya 40.000 kwa 170.000: unapata karibu 23,5 kwa mia. Njo bei ya kweli, na ni bei ya siku 14 tu. Mu mwezi wa siku 30 kuna zile siku 14 mara mbili na kidogo juu, kwa hiyo bei ya mwezi inafika karibu 50 kwa mia.

Shofere akaangalia ile namba, akacheka, lakini haikuwa kicheko cha furaha. Ni bei ya banki lamberi. Ileile.

Watu wa banki, wakitaka kulinganisha mikopo, wanahesabia yote kwa mwaka na wanaiita to efektifu globali. Kwa mukopo huu inapita 600 kwa mia. Mimi ku biro siitumie sana, ju hakuna mutu mwenye anakopa ile feza kwa mwaka muzima, na mufanyakazi akisikia mia sita anazania unamuchekesha. Namba tatu zinatosha, na kila mutu anaweza kuziandika pa karatasi: nimepokea ngapi, nitarudisha ngapi, kisha siku ngapi. Ukizijua zile tatu, majina yote hayana kazi tena, iwe « intérêt », « frais de dossier », « assurance » ao « service ». Yote ni bei.

Ndugu zetu wa Kenya wako na ginsi hii ya mukopo tangu zamani kuliko sisi. M-Shwari ilianza kule mwaka wa 2012, ikiletwa na Safaricom pamoja na banki CBA. Mukopo wake ni wa siku 30, na bei yake ni 7,5 kwa mia, bila kuhesabia kodi ya serikali. Hata wao hawakuiita faida. Waliiita malipo ya kurahisisha mukopo. Si bei ndogo, ju kwa mwaka inafika 90 kwa mia. Lakini weka 7,5 za siku 30 pembeni ya zile 23,5 za siku 14, na utaona kama mukopo wa telefone si kitu kimoja. Kuna wenye kuumiza kidogo na kuna wenye kuumiza sana, na kwa ekra wanafanana.

Kule Kenya vilevile watafiti walijaribu kitu kidogo na aplikasyo moja. Watu wamoja waliona pa ekra jumla tu ya kulipa; wengine waliona mustari wa feza ya mukopo na mustari wa bei, kila kimoja peke yake. Mu kundi la kwanza watu karibu 29 juu ya mia hawakulipa kwa wakati. Mu kundi la pili walishuka mpaka karibu 20. Mukopo ni uleule, bei ni ileile. Ni mustari mumoja tu uliongezeka. Mwaka wa 2016 biro ya Kenya yenye kuangalia mashindano ya biashara iliamuru kampuni zionyeshe bei yote mu telefone mbele mutu hajabonyeza kukubali. Kifungo cha kijani cha shofere wetu, kwa ile sheria, kingekuwa kosa.

Neno moja tena juu ya bei. Usiamini sana ukurasa wenye kusifu aplikasyo mu duka la Google. Tangu mwaka wa 2019 Google inakataza aplikasyo za mukopo wenye unapaswa kulipwa wote mbele ya siku 60. Mwanzoni mwa 2020, Hindenburg, kampuni ya Amerika yenye kuchunguza makampuni, iliandika kama aplikasyo za kampuni Opera, zenye zilikopesha watu Kenya na Nijeria, zilisema mu duka kama mukopo ni wa muda murefu, lakini mukopo wenyewe ulikuwa wa siku 15 mpaka 29. Opera ilikataa yale masemi. Lakini kuanzia pale watu walijifunza kuangalia tarehe yenye iko mu kontra, hapana tarehe yenye iko mu matangazo.

Tarehe yenye haipatane na mushahara

Hapa njo nataka nikae kidogo, ju hapa njo wafanyakazi wa mine wanaanguka.

Shofere alikamata feza tarehe 20. Alihesabia siku 14 na akapata tarehe 4. Aplikasyo ilihesabia siku ya kukopa kuwa siku ya kwanza, na ikapata tarehe 3. Tofauti ya siku moja. Lakini hata tarehe 4 haingemusaidia, ju kampuni ya sutretansi yenye anatumikia inalipa kati ya tarehe 5 na tarehe 12. Kwa hiyo tangu saa ya kubonyeza, ule mukopo ulikuwa umekwisha kukawia. Hakukuwa na namna ya kuulipa na mushahara. Angeulipa paka na mukopo mwingine.

Aplikasyo ilimuuliza tarehe yake ya mushahara. Niliona mu masharti yake: « Date de paie », na yeye aliandika 5. Ile tarehe waliiomba, lakini hawakuitumia kwa kupanga siku ya kulipa. Kama wangeweka mukopo wa siku 30, angelipa tarehe 19 ao 20, na mushahara mu mufuko. Mimi nasema hivi: aplikasyo yenye inajua siku ya mushahara wako na inakupa tarehe ya kulipa mbele yake, inakungojea ukawie. Pengine mwenye aliitengeneza hakuwaza vile. Lakini feza nyingi zaidi zinatoka pale.

Makumbusho

Mesaji ya kwanza ya kukumbusha ilifika siku ine mbele. Ilikuwa na heshima: « Cher client », na tarehe. Haikuwa na namba ya feza, haikuwa na namna ya kulipa. Kila siku ingine ikaja. Siku ya mwisho tulihesabia saba. Ya kwanza ilitumwa saa kumi na moja ya asubui, ya mwisho saa tano ya usiku, na zile za katikati ya siku hakuziona, ju mu shimo telefone hazikubaliwe: zinabakia mu kabati pa mulango, na mutu anazikuta akitoka posti.

Makumbusho mazuri yako namna gani? Inapaswa iseme feza ngapi leo, mpaka saa ngapi, zitumwe ku namba gani, na kukiwa shida mutu amuite nani. Mambo ine. Saba zote za shofere hazikuwa na hata yote ine mu mesaji moja. Watafiti walewale wa Kenya waliona pia kama mesaji yenye kufika mangaribi inafanya watu walipe zaidi kuliko ile ya asubui. Mutu mwenye anafanya kazi mu shimo hahitaji kuelezwa sababu: mangaribi telefone iko mu mukono wake.

Siku ileile ya mwisho kifungo kipya kilionekana: « Prolonger ». Kilisema: lipa 31.500 leo, upate siku 7 tena. Shofere alikuwa karibu kubonyeza. Lakini mu kontra tulisoma kama zile 31.500 hazipunguze deni hata feranga moja; kisha siku 7, zile 210.000 zinabakia palepale. Kama angelipa 31.500, tarehe ingesogea mpaka 10. Mushahara ulikuja tarehe 12. Angekuwa amelipa kwa kungoja, na angekawia hata vile. « Prolonger » inaweza kusaidia paka kama una hakika mushahara utaingia ndani ya zile siku zenye wanakuuzia. Kama hauna hakika, unanunua hewa.

Mutu mwenye amekawia

Alikawia siku 9. Kontra ilisema 2 kwa mia kila siku, juu ya deni lote, ni kusema 4.200 kila siku. Mara 9 ni 37.800. Jumla ya kulipa ikawa 247.800. Alipokea 170.000 tarehe 20, na tarehe 12 alirudisha 247.800: ni 77.800 juu, karibu 46 kwa mia, kwa siku 22. Kama angekwenda kwa banki lamberi na kulipa tarehe 20, angerudisha 255.000 kwa mwezi muzima, na lamberi hangemuita mama mukwe wake.

Ju ile aplikasyo ilimuita mama mukwe wake. Siku ya pili ya kukawia mutu mwenye alijiita ajan wa rekuvremani alimupigia yule mama ku Likasi na kumuuliza kama anajua mukwe wake ni mwizi. Siku ya tatu alimupigia shefu wa ekipi. Siku ya ine, mukubwa wa korali ya parokia. Siku ya tano foto ya shofere, ileile foto ya uso yenye alipiga wakati wa kukopa, ikazunguka mu WhatsApp na neno « voleur » chini yake.

« Deni nilikuwa nayo, sikatae, » alisema. « Lakini mama mukwe, njo nani mu kontra? Alitia sinye? »

Hapana. Majina yote yalitoka mu telefone yake mwenyewe. Wakati wa kuingiza aplikasyo, iliuliza: « Autoriser l'accès aux contacts ? » na yeye alikubali, ju bila kukubali haikuendelea. Mu ile dakika moja kitabu chake chote cha namba kilitoka. Kufunga mulango kisha siyo kazi ya bure, na inafanywa hivi mu telefone nyingi: « Paramètres », « Applications », jina la aplikasyo, « Autorisations », « Contacts », « Ne pas autoriser ». Lakini namba zenye zimekwisha kutoka hazirudi.

Tangu tarehe 31 Mei 2023 Google inakataza aplikasyo za mukopo kusoma namba na foto za mutu. Basi ile ya shofere ilipita wapi? Haikupita mu duka. Alitumiwa linki ku WhatsApp, akabonyeza, na telefone ikamuuliza kama anakubali kuingiza kitu kutoka « source inconnue ». Njo alama yenye ninaomba wanamemba wetu washike kuliko zote. Aplikasyo ya mukopo yenye inapitia ku linki, na yenye inaomba namba za watu wako, imekwisha kukuambia namna itakutendea ukikawia.

Inchi zingine zilikata shauri juu ya mambo haya. Mwezi wa Marsi 2022 Kenya ilitoa masharti yenye kulazimisha wakopeshaji wa telefone kuomba ruhusa ku Banki Kuu, na yenye kuwakataza kutisha, kutukana, kuita watu wa mu telefone ya mudeni na kumuweka mu intaneti. Mwaka wa 2023 biro ya Kenya yenye kulinda habari za watu ilitoza kampuni moja ya aplikasyo mbili, KeCredit na Faircash, shilingi 2.975.000, juu ya kutumia majina na namba za watu bila ruhusa. Mwezi wa Novemba 2024 Banki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya aplikasyo 69 zenye zilikopesha bila ruhusa.

Sisi hapa hatukose sheria. Sheria namba 22/069 ya tarehe 27 Desemba 2022 inasema mutu hawezi kufanya kazi ya kukopesha kama banki bila ruhusa ya Banki Kuu ya Kongo. Kodi ya Numerike, ordonanse-lwa namba 23/010 ya tarehe 13 Marsi 2023, inalinda habari za mutu, na namba ya mama mukwe ni habari ya mama mukwe, hapana ya shofere wala ya aplikasyo. Kwa hiyo yule mama pia ana haki ya kulalamika kwa jina lake. Ulizo la kwanza lenye tunauliza sasa ku biro ni hili: kontra inaandika jina gani la kampuni, na ruhusa namba ngapi ya Banki Kuu? Mu kontra ya shofere hakukuwa na namba. Kulikuwa na jina la aplikasyo na namba ya WhatsApp.

Ajan alimutisha pia na boloko. Alituma karatasi mu foto, na stempo ya rangi ya bluu, yenye kusema opeje atakuja kumukamata pa kazi. Deni ni mambo ya tribinali ya sivili. Mapatano ya mataifa juu ya haki za raia, yenye Kongo iliingia mwaka wa 1976, inakataza mu kipande cha 11 kufunga mutu juu ya kushindwa tu kutimiza kontra. Tunajua vizuri kama mu inchi yetu mutu anaweza kushitakiwa kwa jina lingine, eskrokri ao abi de konfiansi, na ile ni hatari kama mutu alikopa na karte ya mutu mwingine ao na jina la uongo. Lakini mwenye alikopa na jina lake na anakawia siku 9 juu mushahara ulikawia, haiko eskro. Na konvokasyo ya kweli inakuja mu karatasi, na namba na jina la biro. Haitumwe mu WhatsApp na mutu mwenye anaomba feza mu mesaji yenye inafwata.

Juu ya mushahara ni vilevile. Ajan alipigia biro ya wafanyakazi na kuomba wakate. Bahati nzuri yule mama wa mule biro aliniita mbele. Mwajiri hawezi kukata mushahara juu mutu amepiga telefone. Kodi ya kazi inasema makato gani yanaruhusiwa, na hata tribinali ikiamua, ni sehemu tu ya mushahara yenye inaweza kukamatwa.

Sitaki kusema kama kukawia ni haki. Wenye kukopesha wanapoteza pia, na aplikasyo yenye haikumbushe na haidai itafunga. Lakini kuna namna. M-Shwari, mutu akipitisha siku 30, inaongeza 7,5 zingine na kumupa siku 30 tena, hapana 2 kila siku. Na hata vile watu waliumia: uchunguzi mumoja wa Kenya wa 2019 ulipata watu milioni 2,2 wenye mikopo ya telefone ya miaka ya 2016 mpaka 2018 iliyoshindikana, na karibu nusu yao walidaiwa chini ya dola 10. Walikuwa wanaandikwa mu lisiti ya wadeni wabaya juu ya feza ya mufuko wa unga. Mwaka wa 2020 serikali ilikataza kuandika mule mutu mwenye deni chini ya shilingi 1.000.

Tarehe 12 shofere alilipa zile 247.800, saa ine ya usiku, na mobile moni ikamujibu palepale. Asubui aplikasyo ilionyesha anadaiwa 4.200 tena, ju wao waliandika malipo kisha usiku wa manane. Kama asingehifadhi ile mesaji ya mobile moni, na namba yake ya referanse na saa yake, angelipa siku moja yenye haikuwa yake. Tulituma foto ya mesaji. Kisha siku tatu deni likafika sufuri. Foto yenye neno « voleur » hakuna mwenye aliiondoa.

Kesho yake mesaji ingine ikafika: « Félicitations ! Votre limite passe à 300 000 FC. » Alinionyesha pa arè ya basi ya posti ya asubui, na kunipa kalamu. Tuliandika mu ganja la mukono wake: nimepokea 255.000, nitarudisha 315.000, kisha siku 14.